Ufagio wa Sufu

Binti wa mwenye nyumba wangu wa zamani alinipigia simu asubuhi nikiwa naanika nguo. Aliniambia kwamba mama ameondoka, kwamba wameshamaliza kumchoma kama dini yao inavyotaka, na kwamba ile nyumba ya Dodoma itauzwa. Akaniuliza kama kuna kitu chochote ningependa nikichukue kabla haijapata mwenyewe mpya. Nikasema hakuna, nikampa pole, nikakata simu. Kisha nikajikuta nimesimama na kanga mbichi mkononi, maji yananichuruzikia miguuni. Sikuwa nalia. Machozi yalikuja baadaye, wiki nzima. Kilichonishika asubuhi ile kilikuwa hofu, ile ile ya mwaka nilioishi katika nyumba hiyo, kana kwamba kwa kutajwa tu ilikuwa imefunguliwa mlango. Nimeshaanza kuota mvi, nina mtoto anayenizidi kimo, nimezika watu wangu wa karibu, lakini mpaka leo nikisikia watu wengi wakija barabarani wakizungumza kwa sauti ya pamoja, nakwenda kufunga mlango.

Nilifika Dodoma kusoma uhasibu, chuo hakikuwa na nafasi bwenini, na mtu mmoja akanielekeza kwa mjane wa Kihindi aliyekuwa anatafuta msichana wa kuishi naye katika nyumba ya zamani karibu na soko. Watoto wake walikuwa Dar es Salaam na ng'ambo. Yeye alikataa kuhama. Alikuwa amezaliwa Kondoa, dukani kwa baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, kizuri kuliko changu mimi niliyekua nikizungumza Kigogo. Jina lake Hansa. Watoto wake walimwita Ba, yaani mama, na kabla mwezi haujaisha nami nikawa namwita hivyo. Hakutaka kodi. Alitaka mtu wa kulala nyumba moja naye, na alikuwa na sharti moja tu: jikoni kwake kisiingie nyama, yai, asali, pombe, wala kitu chochote kilichong'olewa chini ya ardhi. Hakuna kiazi, kitunguu, kitunguu saumu, karoti, muhogo, figili wala tangawizi mbichi. "Huko nje kula utakacho, mwanangu," alisema. "Tumbo ni lako. Jiko ndilo langu."

Nilikubali bila kuelewa. Jiko lenyewe lilikuwa na dirisha dogo la nyavu na rafu ya masufuria yaliyong'aa, na juu ya mdomo wa bomba kilifungwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara kadhaa. Maji yote yalichujwa humo, kisha kitambaa kikasuuzwa taratibu kwa maji yale yale yaliyochujwa na kumwagwa kwenye unyevu chini ya bomba, ili vilivyonaswa visifie kwenye kitambaa. Baada ya hapo maji ya kunywa yakachemshwa. Chakula cha jioni tulikula jua likiwa bado lipo, dengu na chapati, au wali na maharage mabichi, na siku nyingine ugali wa uwele na mlenda ambao nilimpikia mimi bila kitunguu, naye akausifu mpaka nikaona haya. Jua likishazama hakutia kitu mdomoni, hata tone la maji. Gizani, alisema, huoni kinachoangukia kwenye sahani yako, na taa nayo huita wadudu waje kufa.

Nilimuuliza siku moja kuhusu karanga, kwa sababu alizipenda sana na karanga nazo huchimbwa. Nilidhani nimemkamata. Akacheka, akatoa ganda moja akalivunja. "Hii ni mbegu ndani ya nyumba yake. Ikikauka imelala, na kila mbegu ni uhai mmoja. Sasa twende tukaone kiazi." Kulikuwa na kiazi nilichokisahau kwenye mfuko chumbani kwangu. Kilikuwa kimeota kila penye jicho. Akakinyooshea kidole bila kukigusa. "Ukikikata vipande, kila kipande kitakuwa mmea. Kwa hiyo hapa kuna uhai mmoja au zaidi? Wazee wetu walisema hauhesabiki. Mwili mmoja, roho zisizo na mwisho. Tena, embe ukilichuma mti unabaki. Kiazi ukikichimba, mmea umekwisha, na jembe limepita juu ya minyoo, mchwa, na vingine tusivyoviona." Ndiyo maana aliweza kutumia manjano ya unga na tangawizi kavu, vitu ambavyo vimeshakauka na uhai umetoka, lakini si mbichi. Kuhusu kitunguu na kitunguu saumu aliongeza kwamba vinachemsha damu, vinamfanya mtu awe na hasira na tamaa. Aliniambia kwamba katika dini yao, Ujaini, viumbe hupangwa kwa kuhisi kwao: mmea unahisi kuguswa tu, mnyoo unahisi mguso na kuonja, sisimizi ananusa pia, nzi anaona, sisi tuna yote matano. "Kuishi ni kuumiza," alisema. "Hakuna anayekwepa. Tunachoweza ni kupunguza, na kuanza na wale tunaoweza kuwaacha."

Ufagio wake ulikuwa kitu cha ajabu kwangu. Kijiti kifupi chenye kishada cha nyuzi za sufu nyeupe, laini kama masikio ya mwana-kondoo. Haukuwa wa kuondoa taka; kwa taka alikuwa na fagio la kawaida kama kila mtu. Huu ulikuwa wa kuwasogeza viumbe bila kuwaumiza, maana fagio la chelewa hukata miguu ya sisimizi. Watawa wao, alinieleza, hutembea hivyo maisha yao yote, miguu mitupu, macho chini yakitazama hatua chache mbele, wakifagia pale wanapotaka kukaa au penye mashaka, wengine wamejifunga kitambaa mdomoni ili pumzi ya moto na mate visidhuru vilivyo hewani. Yeye hakuwa mtawa. Lakini tangu mumewe afariki alikuwa amejiwekea viapo zaidi ya watu wa kawaida, na kimojawapo kilikuwa kutochimba wala kuchimbisha ardhi. Kila siku kulipopambazuka, kabla ya ibada yake, alivaa sari nyeupe, akafunga kitambaa mdomoni, akatembea kutoka ngazi ya nyuma mpaka kwenye chumba kidogo cha ibada mwisho wa uwanja, akifagia mbele ya miguu yake. Masika sisimizi wakiwa wengi, njia ile fupi ilimchukua muda mrefu kuliko mimi kwenda sokoni na kurudi. Ukuta wa uwanja ulikuwa mfupi. Mtu yeyote aliyepita kwenye kichochoro alimwona.

Aliyemwona zaidi ya wote alikuwa Mama Neema, mwanamke wa makamo yangu ya sasa, aliyekaanga chipsi ng'ambo ya barabara, mkabala na geti letu. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti kubwa, akimlea mwanawe wa pekee, Neema, mtoto wa kike ambaye hakuwa ameanza shule. Mdogo wake Mama Neema, kijana aitwaye Yona, ndiye alimenya viazi kutwa nzima. Krismasi ile Mama Neema alituletea sahani ya chipsi imefunikwa kwa kitambaa kilichodariziwa. Ba alimpokea getini kwa mikono miwili iliyokutanishwa, akamshukuru, akamweleza kwa upole kwamba hawezi kuiingiza ndani. Alimwomba asubiri, akamletea sahani nyingine yenye chapati na ndizi. Nilikuwa nimesimama pale. Niliona uso wa Mama Neema ulivyobadilika. Zile chapati alizipokea, na kabla hajafika kwake akawamwagia kuku wa jirani.

Dirisha la chumba changu lilitazama barabarani, na tangu siku hiyo nikaanza kusikia mambo. Wanawake waliongoja chipsi walizungumza bila kujua, au bila kujali, kwamba nipo nyuma ya pazia. "Banyani yule hali kitu cha chini kabisa. Hata kitunguu." "Kwa nini?" "Jiulize mwenyewe. Ukiwa na watu wako chini, utakula kinachoota juu yao?" Kisha mmoja akasema neno lenyewe kwa kunong'ona: misukule. Mwingine akaongeza kwamba anapofagia anafuta nyayo za wale wanaotoka kwenda kumlimia. Na kile kitambaa mdomoni? Asitamke majina yao kwa bahati mbaya. Mvua za kwanza ziliponyesha na kumbikumbi wakatoka, mtaa mzima uliwasha taa na kutega mabeseni ya maji. Nyumba yetu peke yake ikawa giza, kwa sababu Ba hakutaka hata mmoja ajiue kwenye balbu yake. Niliketi naye gizani nikisikiliza vicheko vya nje, na nikasikia vikikoma kila mtu alipofika mbele ya geti letu. Nilimwambia yanayosemwa. "Kondoa tuliambiwa tunakula mawe," akasema. "Yatapita." Mimi niliyezaliwa Mvumi nilijua maneno ya namna ile hayapiti. Nilishasikia vikongwe wamefanywa nini kwa sababu ya macho mekundu tu. Nikaanza kuweka kiti nyuma ya mlango wa chumba changu. Rafiki zangu chuoni wakanishauri nihame, na kuna siku nilifungasha begi, nikalifungua tena, kwa sababu nilimsikia jikoni akiimba kwa sauti ndogo huku akichuja maji, na sikuweza kufikiria ni nani angemfungulia geti nikiondoka.

Mwezi wa tatu Neema alipotea. Asubuhi alionekana akicheza karibu na mapipa ya viazi, mchana hayupo. Mama yake alizunguka sokoni, stendi, kwenye mitaro, akiita mpaka sauti ikakauka. Nilitoka nikaungana na waliomtafuta, na pale pale nikagundua kwamba popote nilipokwenda watu walikuwa wananipisha. Mwanamke mmoja alivuta mwanawe nyuma ya kanga nilipopita. Nikarudi nyumbani mbio, nikafunga geti kwa kufuli, nikamwambia Ba tuondoke kwa mlango wa nyuma. Alikuwa anaandaa chakula chake cha mwisho cha siku. Alizima jiko. "Twende wapi, Mwaja? Tukikimbia tutakuwa tumekiri." Nilimpigia simu mwenyekiti wa mtaa, akasema yuko Mkonze, anakuja, atapitia polisi. Kisha nikausikia ule mlio. Si kelele. Ni kama mvua inavyosikika ikija kutoka mbali, ikipiga mabati ya watu wengine kwanza.

Walijaa barabara yote. Mbele alikuwa Mama Neema, kichwa wazi, kanga imeanguka begani, na nyuma yake Yona na vijana wengine wenye majembe na sululu. "Bibi, fungua!" Geti likaanza kutikiswa. Nilimshika Ba mkono nikamwambia asifungue. Akasema, "Wakilivunja hili, watakuwa wameshaanza kuvunja. Nipe ufunguo." Nikampa. Sijui kwa nini nilimpa.

"Mtoto wangu yuko wapi?" Mama Neema hakupiga kelele sasa. Alikuwa karibu kiasi kwamba niliona midomo yake imepasuka kwa kiu.

"Simjui aliko, mwanangu. Mungu wako ni shahidi na wa kwangu pia. Ingia, tazama kila chumba."

Waliingia. Walifungua makabati, wakapindua godoro langu, wakamwaga unga. Hawakukuta mtu. Kisha Yona akasimama kwenye uwanja wa nyuma, akainyooshea sululu ile njia. "Hapa. Kila asubuhi yuko hapa hapa. Tuchimbe." Umati ukaitikia. Nilimtazama Ba, nami nikaelewa, kabla yao, mahali tulipofika. Kiapo chake kilimkataza kuchimbisha ardhi, na wakati ule wa masika ardhi ile ilikuwa inachemka kwa viumbe. Akikataa, wangeuona ukweli wao wote umethibitishwa. Nilianza kuwaeleza, maneno yakigongana mdomoni, kuhusu sisimizi na sufu na dini, mpaka mwanamume mmoja akaniambia ninyamaze kabla sijaunganishwa naye.

Ba alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua akasema, "Mimi siwezi kuwaambia chimbeni. Lakini sitawazuia. Niacheni kwanza niwasogeze walioko juu." Akachukua ule ufagio wake, akachuchumaa penye njia, akaanza. Polepole, kama desturi yake, sufu ikigusa udongo kwa shida, akiwahamisha sisimizi upande wa ukuta, akimwinua jongoo kwa jani. Majembe yakashushwa chini. Nilidhani tumeokoka. Ndipo mtu akapaza sauti, "Anazindika! Anawafunga midomo!" na jiwe likapita mbele ya uso wangu. Lilimpata juu ya jicho. Nilimwona aliyelitupa, alikuwa Yona.

Hakuanguka. Alishika ardhi kwa mkono mmoja, akavuta kitambaa kutoka kiunoni, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kukinga damu isidondoke pale alipokuwa amefagia. Nilipiga magoti kumshika. Mkojo ulikuwa umelowesha sari yake. Alimwangalia Mama Neema, akasema kwa sauti iliyokatika, "Chimba. Ukimkuta humo, nizikeni humo humo."

Walichimba. Mpaka leo nausikia mdundo ule. Kila jembe lilipozama, midomo ya Ba ilicheza. Wakatoka minyoo iliyokatika, wakatoka mchwa weupe, akatoka chura ambaye mtu alimpiga teke. Wakakuta mizizi, chupa, bomba la maji lililooza. Shimo likafika kiunoni, vijana wakawa wanapokezana, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba hakuna kitu. Simu ya Mama Neema ikalia. Alipokea akipiga kelele, kisha akasikiliza, kisha akasema, "Busi? Yuko Busi?" Baba yake mtoto, ambaye walikuwa wametengana kwa ugomvi, alikuwa amepita asubuhi, akamchukua, akampandisha basi la Kondoa kwenda kijijini Busi, kwa bibi mzaa baba, na simu yake akaizima. Wifi mtu ndiye aliyekuwa anapiga. Mama Neema alikaa kwenye rundo la udongo kama mtu aliyekatwa miguu. Umati ukayeyuka. Hakuna aliyesema samahani. Walitoka mmoja mmoja wakijikung'uta mavumbi, na mmoja wao, nakumbuka, alirudisha geti taratibu kwa adabu.

Polisi walifika na mwenyekiti kukiwa bado na mwanga. Wakamuuliza Ba nani alimpiga. "Namjua," akasema, "na sitasema. Ukweli utakaomuumiza mtu si lazima utoke kinywani mwangu." Askari akanigeukia mimi. Mimi sikuwa na kiapo. Nilimtaja Yona, jina na mahali anapolala, na sijawahi kujutia. Ba hakunilaumu hata kwa jicho. Lakini jeraha lilipopata kufunga alikwenda kituoni kwa miguu, macho chini, mimi nikimfuata na mwavuli, akawaambia hataki kesi. Yona akaachiwa, akahamia kwa ndugu zake, hatukumwona tena. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba huruma yake itatuua. Alinijibu kwamba huenda.

Shimo halikufukiwa na mtu mpaka mvua zilipolifukia zenyewe. Hofu yangu iliendelea. Niliruka kila geti lilipogongwa, nikashindwa mtihani mmoja, nikaacha kulala na taa imezimwa. Ng'ambo ya barabara viazi viliendelea kukaangwa, na hakuna aliyevuka kuja kwetu.

Mwezi wa tisa zilifika siku zao kuu. Ba alifunga, akinywa maji yaliyochemshwa tu na mchana tu, akakonda mpaka bangili zikamtoka. Siku ya mwisho, alinieleza, kila mmoja wao huomba radhi kwa kila kiumbe alichokikosea kwa wazo, kwa neno au kwa tendo. Aliwapigia watoto wake, akaniomba radhi mimi, kisha akavaa kandambili. "Nisindikize ng'ambo."

"Wao ndio waje, Ba. Wewe umewakosea nini?"

Alisimama akishika nguzo ya baraza. "Siku ile, walipokuwa wanachimba, niliogopa mpaka nikajikojolea, uliona. Na kutokana na hofu ile nikamchukia yule mama. Nilikuwa nasali kwa midomo, lakini moyoni nilisema, asimpate mtoto wake. Asimpate kabisa. Nilisema hivyo kwa kila jembe. Sufu ilikuwa mkononi, na mimi ndani nilikuwa naua."

Tulivuka. Mama Neema alikuwa anamenya viazi peke yake. Alipotuona alisimama na kisu mkononi, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, na nikaona kwamba alikuwa anatuogopa kuliko tulivyomwogopa sisi. Ba alikutanisha mikono, akamweleza. Hakupunguza neno. Alimwambia kwamba alimwombea mtoto asipatikane, na kwamba anaomba asamehewe. Kisu kikaanguka kwenye beseni.

"Na mimi nilitaka ufe, mama," Mama Neema akasema. "Hata walipopiga simu. Kidogo tu, lakini nilitaka bado, ili nisiwe nimekosea." Akafunika uso kwa kanga.

Hapo ndipo Neema alipochungulia nyuma ya mlango, akamwona bibi aliyesemwa kwamba anakula watoto, akapiga ukelele, akajificha. Mama yake akamwita kwa ukali aje amsalimie bibi. "Usimlazimishe," Ba akasema. "Usimlazimishe kabisa." Akachuchumaa chini pale pale barabarani, mbali na mlango, akageuza uso wake pembeni ili mtoto aweze kumtazama bila kutazamwa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao hakuna sadaka kubwa kuliko kumwondolea kiumbe hofu, na kwamba hajui kama anaweza. Watu walipita wakitukodolea macho, jua likashuka juu ya mabati, na mimi nilisimama nyuma yake nikiogopa kila aliyepita.

Kisha kutoka nyuma ya mlango, bila mtu kuonekana, sauti ndogo ikasema, "Shikamoo."

Ba alifungua mdomo, lakini sauti haikutoka. Alijaribu tena. Mama Neema ndiye aliyeitikia, akilia, kwa niaba yake: "Marahaba, mwanangu. Bibi anasema marahaba."